Mbatata Moja, Istilahi Tatu: Osmosisi, Kimeng'enya na Usanisinuru

Mwulize mwanafunzi wa sekondari, awe wa Lamu au wa Malindi, kwa nini kipande cha mbatata kilicholala saa nzima kwenye maji ya bahari hutoka kimelegea. Jibu linalokuja upesi ni, "Chumvi imeyavuta maji." Ni jibu la mtu aliyeona kwa macho. Kila anayepasua samaki na kumtia chumvi awe ng'onda huyaona maji yakichuruzika, na kila anayetengeneza achari ya maembe anajua kwamba maembe yakishatiwa chumvi hutoa maji yao. Tatizo ni kwamba jibu hilo likiandikwa kwenye karatasi ya biolojia halipati alama, kwa sababu limeacha nje kitu chenyewe kinacholifanya jambo hilo liitwe osmosisi.

Biolojia ya sekondari nchini Kenya husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kiswahili huingia pale mwalimu anapoona darasa limenyamaza, akaweka chaki chini na kusema, "Yaani hivi." Sentensi inayofuata hapo ndiyo mwanafunzi anayoondoka nayo, kwa hiyo ni sharti iwe sahihi kama ile iliyo kitabuni. Maneno ya kuijenga tunayo: TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na walimu wameendelea kuyatumia na kuyaongeza. Ninachotaka kuonyesha hapa ni jinsi istilahi tatu, yaani osmosisi, kimeng'enya na usanisinuru, zinavyoweza kusomeshwa kwa mbatata moja ya sokoni, na ni wapi katika kila moja Kiswahili chetu cha kila siku humpotosha mwanafunzi tusipokuwa waangalifu.

Nitakaa zaidi kwenye osmosisi, maana ndiko wengi wanakoanguka.

Sentensi yenye sehemu tatu

Osmosisi ni kusogea kwa molekuli za maji kupitia utando unaochagua kipi kipite na kipi kisipite, kutoka kwenye mmumunyo hafifu kwenda kwenye mmumunyo mkolevu. Sehemu zake ni tatu: kinachosogea ni maji, pana utando katikati, na upo upande maalumu wa kuelekea. Ukiiondoa mojawapo, unabaki na jambo jingine. Ukiacha kusema "maji", umeeleza mtawanyiko, ambao huhusu chembe za kitu chochote, kama harufu ya udi inavyoenea chumbani. Ukiacha utando, umeeleza tu vitu viwili vinavyochanganyika ndani ya gilasi. Na ukiacha upande wa kuelekea, hujaeleza kitu.

"Chumvi imeyavuta maji" ina upande wa kuelekea na ina maji, lakini haina utando. Kisha neno "kuvuta" linaleta kosa la pili, maana mwanafunzi huanza kuiona chumvi ikifanya kazi kutoka mbali. Kinachotokea ni kwamba molekuli za maji zinapita kwenye utando wa seli pande zote mbili bila kukoma. Upande wa maji ya bahari, sehemu ya molekuli hizo zimezizunguka chembe za chumvi na kushikwa nazo, hivyo zilizo huru kuvuka kuingia ndani ya seli ni chache kuliko zinazovuka kutoka. Hesabu ya mwisho ni hasara kwa seli. Sukari nayo ingefanya vivyo hivyo.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye neno "ukolezi". Mwanafunzi amejifunza juzi tu kwamba katika mtawanyiko chembe hutoka penye ukolezi mkubwa kwenda penye ukolezi mdogo. Leo anaambiwa kwamba katika osmosisi maji hutoka penye ukolezi mdogo kwenda penye ukolezi mkubwa. Anaona mambo yamegeuka, na wiki inayofuata akisomeshwa usafirishaji unaotumia nishati, ambamo chembe kweli hupelekwa kutoka zilipo chache hadi zilipo nyingi, anavichanganya vyote viwili na kuandika kwamba osmosisi hutumia nishati. Kiini cha mkanganyiko ni kutosema ukolezi wa nini. Vitabu vingine hukimbilia "ukolezi wa maji", vingine "ukolezi wa mmumunyo", na mwalimu mmoja hutumia vyote viwili ndani ya kipindi kimoja.

Ushauri wangu ni kwamba lichaguliwe moja na lishikwe. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu "kukolea" tayari ni neno la kitu kilichoyeyuka ndani ya maji. Chai imekolea sukari, mchuzi umekolea chumvi. Hakuna anayesema chai imekolea maji. Kwa hiyo "mkolevu" na "hafifu" viwe vya mmumunyo peke yake, na neno "ukolezi wa maji" lisitumike kabisa darasani. Hapo sentensi inasimama: maji hutoka kwenye mmumunyo hafifu, ambako yako mengi yaliyo huru, kwenda kwenye mmumunyo mkolevu.

Neno jingine la kuangaliwa ni "kunyonya". Kunde kavu zikilowekwa usiku kucha hufura, na mwanafunzi husema zimenyonya maji, na ni kweli. Lakini hata kunde iliyokwisha kufa hufura, kwa sababu wanga na protini zilizokauka hujaa maji zenyewe bila kuhitaji utando ulio hai. Mbatata mbichi haifanyi hivyo. Yenyewe hupata au hupoteza maji kwa kutegemea kilicho nje ya utando wa seli zake, na jambo hilo linaweza kupimwa.

Jaribio la gilasi nne

Lamu na Malindi tuna bahati moja ambayo shule za bara hawana: mmumunyo mkolevu uko nje ya mlango na kiasi chake kinajulikana. Maji ya bahari ya wazi yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Yateke mahali ambapo hapana maji baridi yanayoingia. Walio Malindi wasichote upande wa kaskazini karibu na mlango wa Sabaki, hasa wakati wa mvua, maana mto huo hushusha maji mengi baridi na tope, na ile 35 haipo tena.

Tayarisha gilasi nne. Ya kwanza iwe na mililita 100 za maji ya mvua. Ya pili, mililita 25 za maji ya bahari na 75 za mvua, yaani robo, ambayo ni karibu gramu 8.75 kwa lita. Ya tatu nusu kwa nusu, gramu 17.5 kwa lita. Ya nne maji ya bahari matupu. Kama silinda ya kupimia haipo, bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linatosha.

Nimesema maji ya mvua kwa sababu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji hayo yakifika kwenye gilasi ya kwanza, ile inayotakiwa isiwe na kitu, jaribio limeharibika kabla halijaanza. Mbatata itaongezeka uzito kidogo sana au isiongezeke, na mwanafunzi ataandika kwamba nadharia haikufanya kazi. Maji ya jabia, au ya pipa lililokinga paa, ndiyo ya kutumia. Ukiwa huna, nunua chupa ya maji. Kuyachemsha maji ya kisima hakusaidii: mvuke huondoka, chumvi hubaki.

Sasa mbatata. Chukua iliyo ngumu, isiyochipua na isiyo na kijani. Imenye kabisa, maana ganda lake lina tabaka lisilopitisha maji na kipande kilichobakiwa na ganda upande mmoja hutoa majibu ya uongo. Kata vipande vya urefu wa sentimita 5, unene sentimita 1 kwa 1, vyote kutoka mbatata moja ikiwezekana, kwa sababu mbatata iliyokaa ghalani muda mrefu na ile mpya hazina kiasi kimoja cha sukari ndani. Kila gilasi iwe na vipande vitatu. Kimoja kina uzito wa gramu 5 na kitu, na mizani ya shule inayosoma hadi 0.1 haitaonyesha vizuri badiliko dogo la kipande kimoja. Vitatu pamoja hukaribia gramu 16, na hapo 0.1 haina madhara makubwa. Kama kuna sonara jirani aliye tayari kuwapimia, mizani yake inasoma vizuri zaidi kuliko mizani nyingi za maabara.

Kabla ya kupima, gusisha kila kipande kwenye tishu pande zote bila kukibana. Fanya hivyo tena baada ya saa moja, kwa namna ileile. Hapa ndipo matokeo mengi huharibikia. Mwanafunzi hukausha vizuri mwanzoni, kisha kengele inapokaribia anapima vipande vikiwa vinatiririka, na gramu nusu ya maji ya juujuu inahesabiwa kuwa osmosisi. Kinyume chake pia hutokea: anakikamua kipande kilicholegea na kukitoa maji ambayo hayakutoka chenyewe.

Tuchukue mfano wa namba. Gilasi ya mvua: vipande vilikuwa gramu 16.2, vikawa 17.4. Gilasi ya robo: 16.0, vikawa 16.3. Nusu: 16.4, vikawa 15.2. Bahari tupu: 16.1, vikawa 14.0. Usilinganishe gramu kwa gramu, kwa sababu uzito wa mwanzo haulingani. Toa uzito wa mwanzo kutoka uzito wa mwisho, gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Unapata ongezeko la asilimia 7.4, kisha ongezeko la 1.9, kisha pungufu ya 7.3, na pungufu ya 13.0.

Chora grafu, chumvi chini na badiliko la asilimia ubavuni, sifuri ikiwa katikati. Mstari unavuka sifuri kati ya robo na nusu, karibu na gramu 10.5 kwa lita. Namba hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote: hapo maji yanayoingia na yanayotoka yanalingana, kwa hiyo ndani ya seli za mbatata hii mna ukolezi unaolingana na chumvi ya kiasi hicho. Mbatata nyingi huangukia gramu 9 hadi 12 hivi. Mwanafunzi akiiona namba hiyo huelewa kwamba "mkolevu" na "hafifu" ni maneno ya kulinganisha. Maji ya robo bahari ukiyaonja yana chumvi kabisa, na bado kwa mbatata ni hafifu.

Sasa vishike vipande kwa vidole. Kilichotoka kwenye maji ya mvua ni kigumu na ukikipinda kinakatika kwa mlio. Seli zake zimetuna: maji yameingia, yakausukuma utando hadi ukabana kwenye ukuta wa seli, na ukuta umezuia usiendelee. Kilichotoka baharini kinapindika kama ufito mbichi. Seli zake zimenywea, na utando umejitenga na ukuta, hali inayoitwa plasmolisisi. Maneno "kutuna" na "kunywea" yanatosha kabisa na yanasema yote. Ninayaona bora kuliko "kujaa" na "kuisha" yanayosikika madarasani, kwa sababu seli iliyonywea haijaisha maji, imepungukiwa tu. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta wa seli, kwa hiyo ikitiwa kwenye maji matupu hutuna mpaka ikapasuka. Ndiyo sababu maji ya dripu hospitalini hutiwa chumvi gramu 9 kwa lita.

Saa moja inatosha. Usiviache vipande vya gilasi ya nne hadi kesho ukidhani utapata matokeo makali zaidi. Utando wa seli haukatazi chumvi kabisa, hupitisha kidogo kidogo, na seli zilizokaa humo usiku kucha huanza kufa. Seli ikifa utando wake huvuja kila kitu, na namba unayopima haihusu osmosisi tena.

Katika mji uliozungukwa na mikoko, kuna swali ambalo darasa litauliza tu: mbona mkoko haunywei? Jibu linatoka kwenye sentensi ileile. Kwa kuwa maji huelekea penye mmumunyo mkolevu, mti ulio baharini hauna budi kuzifanya seli zake ziwe kolevu kuliko bahari yenyewe, na mikoko hufanya hivyo kwa kulimbikiza chumvi na vitu vingine ndani ya seli. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Mchu una njia ya ziada: hutoa chumvi kupitia majani, na asubuhi kavu ukilipangusa jani lake kwa kidole kisha ukaonja, utaijua.

Mbatata iliyochemshwa

Hakuna jaribio la osmosisi lililokamilika bila mbatata iliyopikwa. Ile njia ya zamani ya kukata mbatata nusu, kuichimba shimo juu, kutia vijiko viwili vya sukari shimoni na kuisimamisha kwenye sahani ya maji inaonyesha vizuri. Baada ya saa kadhaa shimo la mbatata mbichi limejaa maji ya sukari. Fanya vilevile kwa mbatata iliyochemshwa dakika 10, na hakuna kinachopanda. Sababu ni kwamba joto limeharibu protini na mafuta yanayounda utando. Utando uliovunjika hauchagui tena, sukari inatoka kama maji yanavyoingia, na tofauti ya pande mbili inapotea.

Basi kipande hichohicho kilichochemshwa kitupeleke kwenye istilahi ya pili. Nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Tia mililita 5 kwenye vikombe viwili vidogo. Katika kimoja tumbukiza kipande kibichi cha mbatata cha sentimita moja, katika cha pili kipande cha namna hiyo kilichochemshwa. Kibichi kinaanza kutoa povu mara moja. Kilichochemshwa kinakaa kimya. Povu hilo ni oksijeni: ukilikusanya kwenye chupa nyembamba na kuingiza kijiti chenye kaa jekundu, kijiti kinawaka upya.

Kilichofanya kazi ni kimeng'enya kiitwacho katalesi, kilichomo kwenye seli nyingi, za mbatata na za ini pia. Huigawa haidrojeni peroksaidi, ambayo ni sumu kwa seli, kuwa maji na oksijeni:

```
2H2O2 → 2H2O + O2
```

Neno kimeng'enya limetokana na "kumeng'enya", kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo. Ni neno zuri kwa katalesi, na zuri kwa vimeng'enya vya tumboni. Hapa mwalimu asimame kidogo, kwa sababu neno hili linaeleza nusu tu ya kazi. Vimeng'enya vingine huunganisha. Wanga wote uliomo ndani ya mbatata umejengwa na vimeng'enya vilivyoshikanisha molekuli za glukosi moja baada ya nyingine. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba "kimeng'enya ni kitu kinachomeng'enya chakula" atakosa swali lolote la mimea. Fasiri inayofaa ni hii: kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini bila yenyewe kutumika. Hili la kutotumika linaonekana: povu likiisha, mwaga maji yale, tia peroksaidi mpya juu ya kipande kilekile, na povu litaanza tena. Likiwa dhaifu kidogo, ni kwa sababu sehemu ya kimeng'enya imeondoka na maji uliyoyamwaga.

Halafu kuna neno "kufa". Ukiuliza kwa nini mbatata iliyochemshwa haikutoa povu, darasa zima litasema kimeng'enya kimekufa. Kimeng'enya hakina uhai, kwa hiyo hakiwezi kufa, na jibu hilo hupoteza alama. Sema umbo lake limeharibika. Kila kimeng'enya kina mahali penye umbo maalumu ambapo kitu kinachofanyiwa kazi hutua na kukaa sawasawa. Joto kali hulifumua umbo hilo na halirudi hata kipande kikipoa. Baridi haifanyi hivyo. Kipande kibichi kilichotolewa kwenye barafu hutoa povu polepole, na kikipata joto la chumba huchangamka. Jaribio hili la barafu lifanyike palepale, maana maneno "kimelala" na "kimeharibika" hubaki maneno matupu mpaka vikombe vitatu vikae sambamba mezani.

Angalizo juu ya peroksaidi: chupa iliyokaa wazi miezi mingi, au iliyowekwa dirishani juani, hugeuka maji yenyewe. Ukiona hata kipande kibichi hakitoi povu, jaribu kwa kipande cha ini kwanza kabla ya kuilaumu mbatata.

Kwa walio na hamu ya mfano wa nyumbani, papai bichi linalopakwa kwenye nyama ya mishikaki hufanya kazi kwa kimeng'enya kiitwacho papaini, nacho kweli humeng'enya protini za nyama. Papai lililokwisha kupikwa halilainishi nyama.

Wanga umetoka wapi

Dondoshea kipande cha mbatata tone moja la iodini na kitageuka bluu iliyokoza hadi kuwa nyeusi. Huo ni wanga. Lakini mbatata hukua chini ya udongo, gizani, na swali la kuuliza darasa ni wanga huo umefikaje huko. Wengi watasema mmea umekula udongo, au mbolea. Dhana hiyo ni ya zamani. Mwanasayansi Jan Baptist van Helmont aliipima: alipanda mti mdogo kwenye udongo alioupima uzito, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ukaongezeka karibu kilo 74, na udongo ukapungua gramu 57 hivi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji, na hapo alifika nusu ya njia, kwa sababu hakujua kwamba hewa nayo imeingia.

Usanisinuru ni kuunda kwa msaada wa nuru, na ndiyo istilahi iliyoundwa vizuri kuliko zote tatu. Jani huchukua kabonidayoksaidi kutoka hewani na maji kutoka mizizini, na kwa nishati ya nuru iliyonaswa na klorofili huunda glukosi na kutoa oksijeni:

```
6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2
```

Kosa linalojitokeza hapa ni mwanafunzi kuitaja nuru kama mali ghafi, pamoja na maji na kabonidayoksaidi. Nuru ni nishati ya kufanyia kazi. Mali ghafi ni mbili tu. Kosa la pili ni kusema kwamba mimea huvuta kabonidayoksaidi mchana na oksijeni usiku, kana kwamba inabadilishana zamu. Mmea hupumua mchana na usiku bila kupumzika. Mchana usanisinuru huwa mkubwa kiasi cha kufunika upumuaji, usiku hubaki upumuaji peke yake.

Glukosi iliyoundwa majanini husafiri ikiwa sukari hadi chini, na huko vimeng'enya huiunganisha kuwa wanga. Kugeuzwa huko kunarudi kwenye osmosisi yetu. Wanga hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haufanyi seli kuwa kolevu. Mbatata ingeweka akiba yake yote kwa namna ya glukosi, seli zake zingeingiwa na maji kupita kiasi.

Kuonyesha wanga kwenye jani ndiko kunakowashinda wengi, na sababu kwa kawaida ni jani lenyewe. Jani la mkoko au la mwembe ni nene na lina nta, halipitishi spiriti wala iodini. Chukua jani laini, kama kisamvu. Weka mmea gizani kwa saa 48 ili wanga wa zamani utumike, kisha funika sehemu ya jani moja kwa karatasi nyeusi na uutoe mmea juani kwa saa nne au tano. Lichume, lichemshe kwenye maji dakika moja ili seli zake zifunguke. Kisha litie ndani ya kikombe chenye spiriti, na kikombe hicho kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa jikoni. Usiipashe spiriti juu ya moto kamwe, mvuke wake unashika moto kutoka mbali. Jani likishakuwa jeupe, lisuuze kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu spiriti hulifanya kavu na lenye kuvunjika, kisha litandaze kwenye sahani nyeupe na ulidondoshee iodini.

Ile tinkcha ya iodini ya duka la dawa ni kali mno kwa kazi hii. Iongezee maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Ukiitumia bila kuipunguza makali, jani lote litageuka kahawia iliyokoza, na wanafunzi watabishana kama ni nyeusi. Sehemu iliyopata jua igeuke bluu nyeusi, iliyofunikwa ibaki na rangi ya iodini, hudhurungi. Ikiwa sehemu zote mbili zimekuwa nyeusi, giza halikutosha au karatasi ilipitisha mwanga pembeni. Ikiwa hakuna iliyobadilika, dondosha tone la iodini hiyohiyo kwenye kipande cha mbatata kilichobaki. Kikigeuka, iodini ni nzima, na tatizo liko kwenye jani: ama halikupata jua la kutosha, ama halikuchemshwa vizuri.